Vidole Vitano vya Kisigino

Nilipopanga chumba Masese, karibu na Jinja, nilimjua Nabalayo kwa mlio wa viatu vyake kabla sijamjua kwa sura. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi ulipita mbele ya dirisha langu mlio mkavu, ko, ko, ko, kama mtu anayepigilia misumari njiani, halafu ukafuata mlio wa pili, wa mdomo: "Uwii, goti langu." Nikafikiri ni watu wawili. Alikuwa mmoja.

Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na minne, Mbukusu, mwembamba, mwenye shingo ndefu na kicheko kifupi. Baba yake alivuka mpaka kutoka Kenya kufanya kazi ya reli, akafa, akaacha Uganda mabinti wawili. Mdogo, Nanyama, aliolewa Mbale. Mkubwa alijifunza kupiga taipu, akapata kazi katika kiwanda cha vifungo mjini Jinja. Ndiyo, vifungo: vya mashati, vya makoti, vya magauni. Wenye kiwanda walikuwa wamefukuzwa nchini pamoja na Wahindi wenzao, na serikali ikakikabidhi kwa jeshi. Mishahara ilipochelewa, wafanyakazi walilipwa vifungo. Nabalayo alikuwa na makopo manne ya vifungo chini ya kitanda na gauni moja tu lililokuwa na vifungo vyote.

Viatu vyake vilikuwa vya rangi ya kahawia, vya kutumbukiza, ncha nyembamba mbele, na kisigino kirefu cha vidole vitano. Alivipima kwa vidole mwenyewe siku alipovinunua, katika wiki ya mwisho ya duka la viatu la barabara kuu, mwenye duka akiwa tayari amefunga masanduku. Tangu siku hiyo hakuna duka Jinja lililokuwa na kiatu cha mwanamke kwenye rafu. Kulikuwa na rafu.

Halafu kulikuwa na amri za serikali. Sketi fupi zilikuwa zimepigwa marufuku, kwa hiyo mwanamke aliyebaki na hamu ya kupendeza alibakiwa na mahali pa kupendezea kuanzia goti kwenda chini. Nabalayo alipatumia vizuri. Lakini barabara ya kutoka Masese hadi kiwandani ilikuwa maili tatu, kwanza vumbi na mawe, kisha lami yenye mashimo, na petroli ilipokwisha magari ya abiria yalikwisha nayo. Alitembea kwenda, akatembea kurudi. Goti la kulia lilianza kuuma mbele, chini ya ile pia ya goti, hasa akiteremka mlima au ngazi. Kisha kiuno kikaingia katika mazungumzo. Jioni alikuwa akikaa kwenye kigoda uani, na ili kuinuka alihitaji mikono yake miwili na mikono miwili ya mtu mwingine.

Mikono hiyo kwa kawaida ilikuwa ya Kagoya, muuza samaki wa nyumba ya tatu.

"Wewe una uzee," Kagoya alimwambia akimvuta.

"Mimi mdogo wako kwa miaka sita."

"Basi una pepo. Mimi nabeba karai la mbuta kichwani kutoka ziwani mpaka sokoni, nimezaa saba, na goti langu halijawahi kuniita jina."

"Wewe unavaa viatu vya tairi."

"Basi vaa tairi!"

"Ofisini, Kagoya?"

"Goti lako linajua kama uko ofisini?"

Kagoya akampaka mafuta ya mbuta gotini. Goti halikupona, lakini paka wote wa Masese walimsindikiza hadi kwenye lami.

Nabalayo hakuwa mjinga. Alikuwa amekwisha kufikiri kuvaa kandambili njiani, na kubeba viatu virefu kwenye mfuko, abadilishe mlangoni. Alifanya hivyo siku nne na goti likaanza kumsamehe. Siku ya tano ikasikika amri kwamba ni aibu kwa taifa mtu kuonekana mjini na kandambili. Habari za watu waliolazimishwa na askari kuzitafuna zilifika Masese kabla ya amri yenyewe. Nabalayo aliangalia zake, za mpira wa bluu, akaona haziliki. Akarudi kwenye vidole vitano.

Ofisini nako kulikuwa na mwenyewe. Meneja mpya aliitwa Kapteni Ignatius, mwanamume mrefu, kifua mbele, suruali pana chini iliyofunika viatu mpaka ikafagia sakafu. Hakujua chochote juu ya vifungo, lakini alijua nidhamu. Alitoa amri mbili wiki ya kwanza. Ya kwanza: lango linafungwa saa mbili kamili, na atakayekutwa nje mara tatu asirudi tena. Ya pili iliwahusu wanawake wa ofisi ya mbele, yaani Nabalayo, kwa sababu ofisi ya mbele ilikuwa na mwanamke mmoja.

"Katika ofisi yangu hakuna kugonga mlango," alisema. "Kugonga kunanisumbua. Mwanamke wa ofisi anavaa kisigino. Nikisikia kisigino kinakuja, najua ni barua, najitayarisha. Umeelewa?"

"Ndiyo, Afande."

"Tembea nisikie."

Alitembea. Afande akafumba macho, akasikiliza. "Vizuri," akasema. "Hiyo ni sauti ya ofisi."

Kwa hiyo kisigino kilikuwa amri, na saa mbili ilikuwa amri, na kati ya amri hizo mbili lilikuwapo goti. Kadiri lilivyouma ndivyo alivyochelewa. Mwezi wa pili alikuta lango limefungwa. Wiki mbili baadaye akalikuta tena. Ouma, mlinzi wa lango, alimtazama kupitia vyuma kwa huzuni ya kweli.

"Dada, imebaki moja."

"Najua, Ouma."

"Nikikufungia ya tatu utanilaumu?"

"Nitakulaumu."

"Ndicho ninachoogopa."

Jumamosi hiyo alimpelekea viatu Sulait, fundi aliyekaa kwenye kibaraza karibu na soko la Jinja, mwenye kofia nyeupe na mdomo uliojaa misumari midogo. Sulait alikuwa stadi wa kushona, wa kubandika soli, na wa kusema.

"Punguza kisigino," Nabalayo alimwambia. "Ukate vitatu, vibaki viwili."

"Dada, ntakata hata vyote. Msumeno ninao."

"Umewahi kukata namna hiyo?"

"Kiatu ni mti na ngozi. Mti unakatwa."

Akakata. Akaviweka vyote viwili juu ya kibaraza, wakainama kuvitazama. Kisigino kilikuwa kifupi, sawa, lakini ncha za mbele zilikuwa zimeinuka kutoka sakafuni na kutazama mawingu. Sulait alizibonyeza chini kwa kidole, visigino vikainuka nyuma. Aliachia, ncha zikapanda tena.

"Vinacheka," Sulait alisema mwishoni.

"Vinacheka nini?"

"Sijui, dada. Labda mimi."

Hakutaka malipo, jambo lililomtisha Nabalayo kuliko ncha zenyewe.

Jumatatu alivivaa, kwa kuwa hakuwa na vingine. Uzito wake wote ulimwangukia nyuma. Kila hatua alikuwa kama mtu anayesukumwa kifuani, na ili asianguke chali alijikunja mbele, akitembea kama anayetafuta sindano. Ajabu ni kwamba goti lilinyamaza kidogo, lakini mashavu ya miguu yaliwaka moto, na mshipa mnene wa nyuma ya kisigino ukavutika kama kamba ya mbuzi. Kwenye kizuizi cha barabarani askari mmoja alimsimamisha.

"Wewe mama, simama hapo. Hii kiatu naenda wapi?"

"Kazini, Afande."

"Hapana, wewe naenda kazini. Kiatu naenda juu." Akawaita wenzake. "Kuja nyinyi! Kuja ona kiatu naomba Mungu!"

Walikuja wanne. Walimwambia atembee mbele, arudi, atembee tena. Walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Kisha wakamwachia bila kumwuliza kitambulisho, na Nabalayo alisema baadaye kwamba hiyo ilikuwa faida pekee ya kazi ya Sulait.

Aliingia langoni dakika mbili kabla ya saa mbili. Lakini katikati ya ukumbi wa ofisi kilisikika kitu kama mwiko unaovunjika: ule ukanda wa chuma ulio ndani ya soli, chini ya upinde wa mguu, ulikatika, na kiatu cha kushoto kikajikunja katikati kama chapati. Kapteni Ignatius alitoka. Alitazama viatu kwa muda mrefu.

"Hii nini?"

"Viatu, Afande."

"Hii si viatu. Hii ni matusi." Akanyoosha kidole kuelekea mlangoni. "Wiki hii utakaa nyuma ya meza, hutatembea mbele ya wageni. Jumatatu ijayo, kabla ya saa mbili, nikuone na viatu vya ofisi. Kama hapana, kuna wasichana wengi wanajua taipu."

Jinja nzima hapakuwa na kiatu. Tuliuliza. Kagoya aliuliza hadi kwa wavuvi, ambao walikuwa na nyavu na hawakuwa na viatu hata vyao wenyewe. Mke wa mchungaji alijitolea kumwazima vyake, namba tatu, na Nabalayo alikuwa namba saba. Siku zote hizo alikuwa akitembea na viatu vya Sulait, cha kushoto kimefungwa kwa waya. Ijumaa jioni akasema atakwenda Mbale kwa mdogo wake, kwa sababu Nanyama alikuwa mfagiaji katika hospitali kubwa, na hospitali ina dawa ya magoti hata kama haina viatu.

Akapanda lori la mahindi, kopo moja la vifungo mkobani. Akashuka Mbale Jumamosi asubuhi, na Nanyama alipoviona viatu alicheka, kisha alipomwona dada yake akishuka kwenye lori upande upande, mguu mmoja kwanza na mkono kiunoni, akaacha kucheka.

"Dada, wewe huhitaji dawa. Wewe unahitaji mzee Masaba."

Mzee Masaba alikuwa fundi wa viatu wa hospitali, yule anayewatengenezea viatu watu wenye miguu iliyopinda na wale ambao mguu mmoja ni mfupi. Jumamosi alifanya kazi nyumbani kwake chini ya mlima Wanale, katika chumba kilichojaa miguu ya mbao, mikubwa na midogo, imepangwa ukutani kila mmoja na jina la mwenyewe. Nabalayo alipoingia alisita.

"Usiogope, mwanangu," Masaba alisema. "Wenye miguu hii wote wapo hai. Isipokuwa ule wa pale. Naye hakuuawa na kiatu."

Alichukua viatu vya kahawia, akavigeuza, akanusa, akamtazama Nabalayo juu ya miwani.

"Nani amekata?"

"Fundi wa Jinja."

"Ana watoto?"

"Anao."

"Basi tumsamehe." Akachukua mguu wa mbao ukutani. "Tazama. Kiatu hakishonwi hewani, kinashonwa juu ya kalibu kama hii. Kalibu ya kisigino cha vidole vitano imeinama hivi, na chuma cha ndani kimepindwa kuifuata. Ukikata kidogo, unene wa kidole kidogo, kiatu kinavumilia. Ukikata vidole vitatu, kisigino kimeshuka lakini kiatu bado kinadhani kiko juu. Ndiyo maana ncha inapanda. Unakanyaga nyuma tu, na chuma kinakatika."

"Basi goti?"

"Goti ni lako, tulitazame." Akamsimamisha juu ya ubao, kisha akauinua ubao nyuma kwa kuingiza matofali. "Simama wima. Usishike ukuta. Mwili unataka kwenda wapi?"

"Mbele. Nitaanguka kwa uso."

"Lakini huanguki. Kwa nini? Umekunja magoti kidogo, umebinua kiuno. Umeona? Hujui kama umefanya, lakini umefanya. Paja linavuta wakati wote, linaikandamiza pia ya goti. Kiuno kimejikaza kama upinde. Mtu akisimama hivyo kanisani wakati wa wimbo mmoja, hakuna neno. Wewe unatembea maili ngapi?"

"Tatu. Na tatu za kurudi."

"Juu ya mawe." Masaba alitikisa kichwa. "Huo si mwendo, mwanangu. Hiyo ni adhabu bila kosa."

"Kama kisigino kingekuwa kipana? Nimeona vile vya mtindo, raizoni, soli nene na kisigino kinene."

"Upana unaokoa kifundo kisipinduke. Goti halitazami upana, linatazama urefu."

Nabalayo alikaa. Ndipo akamweleza juu ya Kapteni, na Jumatatu, na lango, na mara ile moja iliyobaki. Alisema yote kwa sauti ndogo akitazama miguu ya ukutani. Nanyama, aliyekuwa mlangoni, aliniambia baadaye kwamba hapo ndipo alipojua dada yake anaogopa, kwa sababu hakutia hata mzaha mmoja.

Masaba alikuna kidevu. Kiatu kipya kutoka mwanzo kilihitaji siku tano. Lakini alikuwa na jozi moja iliyokwisha kunyooshwa kwenye kalibu, ngozi nyeusi, ya kufunga kamba, ikingoja soli na kisigino tu. Ilikuwa ya sista mmoja wa misheni aliyehamishwa kabla ya kuichukua.

"Namba saba," alisema. "Sista alikuwa na mguu wa kweli."

"Mzee, nitaonekana mtawa."

"Utaonekana mtu anayetembea."

"Kisigino nini?"

"Vidole viwili visivyojaa, kipana."

"Tia vitatu na nusu."

"Hapa si sokoni."

"Vitatu basi, mzee wangu. Meneja anataka kisigino."

"Meneja ana goti lako?" Akaacha, akafikiri. "Ila kuna jambo. Umevaa virefu miaka mingapi?"

"Mitano."

"Shavu la mguu limezoea kuwa fupi. Ukishuka ghafla litalia, kama lilivyolia wiki hii. Nitakuwekea ndani, chini ya kisigino cha mguu, vipande vitatu vya kizibo, vyembamba, kimoja juu ya kingine. Kila wiki mbili unatoa kimoja. Na kila asubuhi simama mbele ya ukuta, mguu mmoja nyuma, kisigino chini, uegemee mpaka uhisi shavu linavutika. Taratibu. Mwili haupendi amri."

Hakumpima saa ile. Alimwambia azunguke Mbale mchana kutwa na kandambili za Nanyama, kwenye njia za uani ambako askari hawapiti, arudi jioni miguu ikiwa imevimba, kwa sababu kiatu cha kutembelea kinapimwa kwa mguu uliochoka. Jioni akamjaribisha, akabonyeza mbele kuhakikisha vidole vina nafasi, akakaza kamba juu ili mguu usiteleze ndani. Jumapili alasiri soli ya mpira ilikuwa imebandikwa na kushonwa. Nabalayo alilipa kwa kopo moja la vifungo, na mke wa Masaba ndiye aliyefurahi kuliko wote.

Alirudi Masese kwa lori la usiku, na Jumatatu akatoka saa yake ya kawaida. Nilikuwa dirishani nikingoja mlio, na sikusikia kitu. Nilimwona tu akipita, mweusi miguuni, mabega yamenyooka, kama mtu anayekwenda kuungama. Paka hawakumfuata. Maili tatu alizimaliza kwa saa moja. Goti lilinung'unika kwenye mteremko, lakini lilinung'unika kama mtu, si kama redio. Ouma alipomwona langoni saa moja na nusu alitazama saa yake, akaitikisa, akaiweka sikioni.

"Dada, umelala hapa?"

"Nimetembea."

"Nani amekufukuza?"

Ofisi ilikuwa tupu. Nabalayo alitaka aonekane kabla ya saa mbili, kama alivyoagizwa, na gari la Kapteni lilikuwa tayari uani. Akachukua barua za Jumamosi, akapita ukumbini, na kwa kuwa kugonga mlango kulikatazwa, hakugonga. Soli za mpira hazikusema neno. Akafungua.

Kapteni Ignatius alikuwa amelala chali sakafuni, miguu yake juu ya kiti, macho yamefumbwa, akiguna. Alikuwa na soksi tu. Kando ya meza vilisimama viatu vyake peke yake, kama wageni wanaongoja kuhudumiwa: raizoni, soli ya mbele nene kama Biblia, kisigino cha nyuma vidole sita.

Alifumbua macho. Akaruka akasimama, na alipokwisha kusimama Nabalayo aliona kwamba bado anamtazama chini. Kichwa cha Kapteni kilimfikia begani. Suruali ilikuwa imemwagika sakafuni kumzunguka kama pazia.

Katika miaka ile watu walipotea kwa kuona mambo madogo kuliko hayo. Nabalayo aliniambia kwamba alifikiria makopo yake ya vifungo, nani atayarithi.

"Umeona nini?" Kapteni aliuliza polepole.

Akatafuta jibu ambalo si uongo na si kifo.

"Nimeona mgongo, Afande."

"Mgongo gani?"

"Mgongo unaouma. Kama wangu."

Mkono wa Kapteni, bila ruhusa yake, ulikwenda kiunoni.

"Wako unauma wapi?"

"Hapo hapo, Afande. Na goti mbele, nikiteremka ngazi."

"Ukiteremka," Kapteni alisema, na sauti ikamshuka. "Kupanda si vibaya. Kuteremka." Akafunga mlango mwenyewe. "Daktari wa kambi amenipa vidonge. Mganga wa Busiu amenipa mizizi. Mmoja aliniambia ni risasi ya zamani. Mimi sijapigwa risasi!"

"Ni urefu, Afande."

Alijuta papo hapo. Lakini Kapteni hakuwa tena na hasira. Alikuwa na kiuno. Kwa hiyo Nabalayo akamweleza ubao na matofali, paja linavyovuta, kiuno kinavyojipinda, na kwamba upana hausaidii goti. Kapteni aliweka faili mbili chini, akasimama na visigino juu yake, akasikia mwili ukienda mbele. Akasema neno la Kijeshi ambalo sitaliandika.

"Basi nivae kama wewe? Kama sista?" Akatazama mlango, kisha akanong'ona. "Watu wananijua hivi. Nilikuja hapa mrefu. Siwezi kuingia kesho hivi."

"Hutakiwi kuingia kesho hivyo, Afande. Ukishuka ghafla mashavu ya miguu yatalia. Fundi anasema taratibu." Akavua kiatu kimoja, akatoa vipande vya kizibo, akavipanga mezani. "Hiki wiki hii. Hiki wiki mbili zijazo. Na hizo raizoni, soli ikikatwa mbele na nyuma kwa kipimo kimoja, kiatu hakigeuki. Ukikata kisigino peke yake ndipo ncha inapanda. Kidogo kidogo. Hakuna atakayeona siku yoyote."

Kapteni Ignatius alichukua kipande cha kizibo, akakishika kati ya vidole viwili, akakipima kwa jicho. Ilikuwa mara ya kwanza, Nabalayo alisema, kumwona akisikiliza kitu kisichokuwa visigino.

"Ni nani mwingine anajua?"

"Anajua fundi wa Mbale kuhusu miguu yangu. Kuhusu yako hajui mtu."

"Na hatajua."

"Hatajua, Afande."

"Umefika saa ngapi leo?"

"Saa moja na nusu."

"Vizuri. Rudi kwenye meza yako."

Hivyo ndivyo kazi ilivyobaki. Kapteni alikwenda Mbale kwa kazi za serikali, mara moja, kisha mara ya pili, na katika chumba cha mzee Masaba ukaongezeka mguu wa mbao usioandikwa jina. Raizoni zenyewe zilipelekwa kwa Sulait, safari hii na karatasi ya vipimo mbele na nyuma, na alipima mara tatu kabla ya kukata, kwa kuwa askari aliyezileta alisimama juu yake na bunduki. Baada ya miezi mitatu Ouma alimwuliza Nabalayo kama na yeye ameona kwamba milango ya ofisi imeongezwa kimo. Nabalayo alisema ndiyo, imeongezwa.

Goti lake halikupona kwa siku moja. Wiki ya nne, alipotoa kipande cha pili, lilimkumbusha. Ilipofika wiki ya tisa aliteremka ngazi za posta akitazama mbele, hakushika ukuta, na alipofika chini akapanda tena ili ateremke mara ya pili. Kagoya alimwona akiinuka kwenye kigoda peke yake akadai ni yale mafuta ya mbuta, yalichelewa tu kufika ndani.

Siku moja Kapteni alimwita na mashine yake ya taipu. Alikuwa amesimama dirishani, mfupi wa wastani, mikono nyuma.

"Andika amri ya ubao wa matangazo," alisema. "Kuanzia leo wafanyakazi wanawake wa kiwanda hiki, wanaokuja kazini kwa miguu, watavaa viatu vya kufunga, soli ya mpira. Kisigino kisizidi vidole viwili. Kipana. Umeandika?"

"Nimeandika, Afande." Vidole vyake vilisimama juu ya herufi. "Na kuingia kwako? Bila visigino utajuaje kuna mtu?"

"Wagonge mlango. Wagonge kwa nguvu, wangoje."

Akaandika. Kisha, kwa kuwa karani mzuri haachi nafasi tupu katika amri, akauliza, "Na wanaume, Afande?"

Kapteni Ignatius aliendelea kutazama nje, ambako watu wa zamu ya asubuhi walikuwa wakimiminika langoni. Alifikiri kwa muda mrefu, akihamisha uzito kutoka mguu mmoja kwenda mwingine.

"Wanaume," alisema, "andika: watapunguza taratibu."